Jina Lililorukwa Kwenye Hitima

Ndugu yangu alijiua. Nimeanza na maneno hayo makusudi, kwa kuwa nyumbani kwetu Bongwe yalikatazwa kutamkwa, na mimi niliyakubali yakatazwe kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Nimesoma madarasa manne na chuo cha Kurani, sina kalamu ya wenye elimu. Lakini haya nayajua, na pale nisipojua nitasema sijui.

Alivyofanya sitaandika. Wako watu mpaka leo wakikutana nami hilo ndilo la kwanza kuuliza, tena wanashusha sauti kama wanaotaka kuonjeshwa kitu kitamu. Huwaambia, niulizeni alivyoishi. Wengi huondoka.

Basi aliishi hivi. Alikuwa fundi wa cherehani huko Msambweni, kwenye baraza ya duka, na kila Ijumaa alirudi kwa baiskeli. Alikuwa mdogo wangu wa kunifuata. Akishona kanzu alikuwa akiimba, na akikosea alijisuta kwa sauti ya mama yetu, "Macho umeyaweka wapi, we mtoto?" mpaka wateja wakacheka. Alikuwa mkaidi na mpenda sifa, na kofia yake ilikaa upande siku zote. Nayataja na hayo kwa sababu akishakufa mtu hivi, watu humfanya malaika au shetani, na yeye hakuwa yeyote kati ya hao.

Mwaka ule, katika hiyo miaka ya hamsini, akaanza kubadilika. Sikumbuki siku. Huenda hapakuwa na siku. Aliacha kuimba kwanza, kisha akaacha kula vizuri, kisha akaacha Msambweni kabisa, akarudi kukaa nyumbani. Usiku halali, ukiamka alfajiri unamkuta ameketi macho wazi. Msikitini haendi. Ukimuuliza anasema amechoka, na huku hana kazi aliyofanya. Mara moja aliniambia, "Dada, mimi nimekuwa mzigo humu ndani." Nikamwambia asiseme upuuzi. Nilidhani ndiyo namna ya kumpa moyo.

Hatukukaa bure. Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa ya malaria. Tulimpigia ngoma ya pepo, na sitaidharau ngoma ile, maana baada yake alipata usingizi siku mbili tatu. Mjomba wetu, kaka yake mama, ambaye kwa desturi yetu Wadigo ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, alimpa kipande cha shamba alime ili asahau. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Ugonjwa wenyewe hatukuwa na jina lake. Tulikuwa na mvivu, na mwenye pepo, na aliyerogwa. Mgonjwa hatukuwa naye.

Halafu wiki ya mwisho akapata nafuu. Tuliona hivyo. Alinyoa ndevu, akacheka na mdogo wetu wa kike, akampa jirani mkasi wake mzuri wa kukatia vitambaa. Mama alisema, "Alhamdulillahi, mwanangu amerudi." Leo najua kwamba utulivu kama ule, na kugawa vitu vile, vyaweza kuwa dalili kwamba mtu amekwisha kuamua. Siku ile nilifurahi. Nilipika samaki.

Asubuhi yenyewe alinikuta uani nikijitayarisha kwenda kuvuna mpunga. Akasema, "Dada, kaa kidogo." Nikasema, "Nikirudi, bwana, jua litanikuta njiani." Akasema, "Haya." Nilipotoka shamba nikakuta watu wamejaa.

*

Askari wawili walikuja kumchukua maiti wakampeleka Msambweni, maana kifo cha namna hiyo serikali hukiuliza. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alivua kofia. Lakini maswali yao yalitukata. Nani alimwona mwisho? Mligombana? Alikuwa anadaiwa? Kila swali lilikuwa kama kidole. Nilipojibu kwamba mimi ndiye niliyezungumza naye mwisho, mwenye kuandika akanitazama, na mtazamo ule nikaubeba miaka. Pengine alikuwa anasubiri tu niendelee kusema, aandike.

Aliporudishwa, mjomba alituita ndani, mama, mdogo wetu wa kike na mimi, akafunga mlango.

"Amekufa kwa homa," akasema.

Mdogo wangu akasema, "Mjomba, watu wameona."

"Waliyoyaona ni yao. Sisi tunasema homa. Matanga hayakai. Mwanamke yeyote asipige ukelele. Azikwe, mlango ufungwe, basi."

Ningependa kumwandika kama mtu katili, kwa sababu nilimchukia. Ila sababu aliyokuwa nayo haikuwa ya kubuni. Mdogo wangu alikuwa ameposwa na watu wa Galu, na harusi ilikuwa karibu. Nyumba yenye kifo hicho watu waliiogopa. Walisema kimo katika damu, kitawafuata watoto. Mjomba alikuwa amempoteza mmoja na alitaka kumwokoa mwingine. Na wakati ule mimi mwenyewe nilijitazama mikono nikawaza, kweli, kimo damuni?

Alioshwa, akakafiniwa, akaswaliwa. Mwalimu wa msikiti wetu hakuongoza sala ile. Alirudi nyuma safu moja, akamwacha mtu mwingine mbele. Hilo liliniuma kuliko kaburi. Baadaye aliniambia kwamba alisoma kuwa kiongozi anaweza kujitenga ili watu waogope kufanya vile, lakini maiti ni Mwislamu na haki yake ya kuswaliwa na kuombewa ipo palepale. Nikamwambia, "Mwalimu, aliyekuwa na huzuni vile hakuwa anatazama nani yuko safu ya mbele. Tuliokutazama ni sisi." Sikumbuki kama nilimwomba radhi. Sidhani.

Matanga hayakukaa. Kwa wasiojua: mtu akifa kwetu, majamvi hutandikwa, jamaa na majirani huja kukaa na kulala, wanapika, wanalia, wanapiga soga, mpaka siku za msiba ziishe. Huachwi peke yako na maiti wako kichwani. Sisi tuliachwa. Watu walipita njiani wakaharakisha. Waliokuja walisimama mlangoni, wakasema pole ya homa, na macho yao yakizunguka ndani ya nyumba yakitafuta mahali alipofia. Mmoja alimwambia mama, "Shukuru una mabinti." Mwingine akauliza, "Lakini kweli hamkuona dalili yoyote?" Naamini alitaka tu kuelewa, ili ajihakikishie kwamba kwake kifo kama hicho hakitaingia. Mama aliingia chumbani, na tangu hapo akawa anaongea kwa ishara kama mtu aliyeugua koo.

*

Aliyekuja kukaa ni jirani mmoja tu, mwanamke Mduruma aliyeolewa huku kutoka upande wa Kinango, si wa dini yetu. Alikuwa na ulimi mchafu na kicheko cha kuamsha kuku. Alikuja na fungu la majani ya mnazi kichwani, akalibwaga uani.

"Paa lenu linavuja," akasema. "Nitasuka makuti hapahapa. Kwangu kuna mume, ananichosha."

Nikamwambia hatuna fedha za makuti.

"Nani kakuuzia? Kaa."

Akasuka. Siku ya kwanza hakuuliza kitu. Siku ya pili, bila kuinua macho, akasema, "Nimesikia ndugu yako alijiua. Nimeumia. Alinishonea mtoto wangu kaptula, mfuko mmoja akauweka nyuma ya goti, akasema ni wa kuibia maembe."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, kisha nikalia mpaka kifua kikaniuma. Hakuninyamazisha. Hakusema Mungu ndiye aliyepanga. Alinisogezea kata ya maji, akaendelea kusuka. Alikuwa mtu wa kwanza kulisema neno lenyewe mbele yangu, na mbingu haikuanguka.

Alikuja hivyo siku nyingi. Alichota maji bila kuomba ruhusa, alimlisha mama uji. Hakuwa na hekima ya ajabu, nisimvishe nguo zisizo zake. Siku moja alisema, "Labda kuna aliyemroga," nikamkasirikia kutwa nzima. Kesho yake akaja akasema, "Jana nilisema ujinga," akaketi mahali pake. Hilo nalo lilikuwa msaada. Wengine wote walikuwa wakiogopa kukosea, kwa hiyo hawakuja kabisa.

Nilimweleza habari ya "kaa kidogo". Nilidhani ataniambia haraka huna kosa, kama watu wasemavyo ili wanyanyuke waende. Akanyoosha jani.

"Siku nyingine hakupata kukwambia kaa kidogo?"

"Mara nyingi tu. Alipenda maneno."

"Na ulikaa?"

"Saa nyingine nilikaa. Saa nyingine nilikwenda."

"Na ulipokwenda ulirudi ukamkuta?"

"Nilimkuta."

"Basi siku ile ungejuaje? Unaitazama kwa macho ya leo." Kisha akasema, "Huenda ungekaa angengoja. Angengoja mpaka lini, sijui. Na wewe hujui. Hapo mimi sina la kukupa."

Nilimpenda kwa hilo la mwisho. Hakunidanganya. Ile "kwa nini" ya kifo hiki ina mlango, nao haufunguki. Aliyekuwa na ufunguo ameondoka nao. Unabaki unagonga. Unajaribu kila kitu: lile neno, ule mpunga, yule samaki. Siku nyingine nilimkasirikia yeye mwenyewe, nikamtukana kimoyomoyo kwa kutuacha hivi, kisha nikaona haya. Na siku nyingine, niseme yote, nilihisi nafuu kwamba simsikilizi tena akitembeatembea. Nikadhani mimi ndiye wa kwanza duniani kuhisi hivyo.

*

Zilipofika arobaini, mjomba akatayarisha hitima. Lakini akaitangaza kuwa ni ya wazee wetu wote waliotangulia. Watu wakaja kwa wingi, maana hitima ya wazee haina aibu. Watu wa Galu nao wakaja. Wanaume walikaa barazani na juzuu zao, ubani ukafuka kwenye chetezo, na sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya jamvi lililoning'inizwa mlangoni. Wali wa nazi ulikuwa tayari. Jirani yangu Mduruma alikuwa jikoni kwenye moshi, akinung'unika kwamba mbuzi alikuwa mzee kuliko mjomba.

Kisomo kilipokwisha, mwalimu akaanza kurehemu. Ndipo majina ya maiti wa nyumba hutajwa mmoja mmoja, na thawabu za kisomo zikaombwa ziwafikie. Babu akatajwa. Bibi. Baba yetu. Mashangazi. Mtoto aliyekufa kabla hajaota meno akatajwa. Mwizi mmoja wa ng'ombe katika ukoo wetu, ambaye watu walimkimbia enzi hizo, akatajwa pia, Mungu amsamehe. Nilikuwa nikihesabu kwa vidole vya mama, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Mwalimu akasema, "Na Waislamu wote, waume kwa wake," na hiyo ndiyo kufunga.

Mkono wa mama ukalegea.

Sikupanga. Watu walisema baadaye nilipanga, nami nikiwaza sana huona labda, kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Lakini nakumbuka sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Mwalimu, umemwacha mmoja."

Mtu akakohoa.

"Nani huyo?" mjomba akasema. "Mnyamazisheni huyo mwanamke."

"Umemwacha mmoja," nikasema tena, na nikalitaja jina la ndugu yangu na la baba yake. "Amekufa siku arobaini zilizopita. Hakufa kwa homa. Alijiua, alikuwa mgonjwa wa huzuni, na ni mtoto wa nyumba hii. Mwizi wa ng'ombe ametajwa. Yeye ataombewa wapi?"

Mdogo wangu alinivuta kanga kwa nguvu mpaka ikanitoka kichwani. "Dada, basi. Dada, nakuomba."

Nilisikia mjomba akisimama, fimbo yake ikaanguka. Nilijua ninachokivunja. Kilikuwa pale barazani, kimevaa kanzu nzuri, kimetoka Galu. Nikakivunja.

Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia, "Jina la baba yake, litaje tena."

Nikalitaja.

"Kumwombea hakukukatazwa," akawaambia wanaume. "Niliombwa nisimtaje, nikaridhia. Sasa nimeombwa nimtaje." Akalisema jina, taratibu, kama alivyoyasema mengine, bila kulipunguza wala kulipamba. "Amin," wakasema. Si wote. Lakini ilisikika.

Mama akapiga ukelele. Ule uliokatazwa tangu siku ya kwanza, ulikuwa umekaa ndani yake muda wote ule, ukatoka. Wanawake waliokuwa wameniangalia vibaya wakamwendea wakamshika, kwa sababu kilio cha mama wanakijua wafanyeje nacho. Jioni ile majamvi hayakukunjwa. Matanga ya ndugu yangu yalikaa, yamechelewa siku arobaini.

*

Sitasema ukweli ulilipa. Watu wa Galu walirudisha neno baada ya muda mfupi, kwa adabu sana, kwamba kijana wao bado hajawa tayari. Mdogo wangu alikuja akasimama mbele yangu.

"Umemfufua yeye ukanizika mimi," akasema.

Hakusema nami mpaka mvua za masika zikapita, na alikuwa na haki. Nilimchukulia kitu chake bila kumuuliza. Mtu akiniuliza leo, ningefanya tena? Ndiyo. Lakini ningemwambia kwanza. Hizo ni kauli mbili, na nazishika zote.

Aliyenijia wa kwanza ni mjomba. Nilikuwa uani natwanga. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba bila kukaa. Akatazama paa letu jipya la makuti.

"Asubuhi ile," akasema, "ulimwambia nini?"

Nikadhani amekuja kunihukumu. Nikamwambia yote: kaa kidogo, mpunga, nikirudi.

Akaketi kwenye kinu kingine kilicholala, mtu mzima yule, na hadhi yake yote.

"Basi si wewe," akasema. "Jioni kabla yake alikuja shamba. Nilimwita mvivu. Mbele ya vibarua. Nikamwambia baba yake angekuwa hai angeona haya. Akacheka tu. Nikasema, ah, amekuwa mwanamume, anavumilia." Alijifuta uso kwa kofia. "Nilipowaambia mseme homa, unadhani nilikuwa namficha yeye?"

Nilikuwa nimemchukia mtu huyu miezi mizima. Nikaacha mchi. Nilitaka kumwambia huna kosa, ili anyanyuke aende. Nikamkumbuka yule mwanamke na majani yake ya mnazi, nikakaa chini.

"Siku nyingine hukupata kumwita mvivu?" nikamwuliza.

"Kila siku," akasema. "Hata akiwa mdogo. Alikuwa akinijibu kwa sauti ya mama yenu, ananisuta."

Akacheka, kikatoka kitu kibaya, nusu kicheko. Nikamwachia nafasi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. Akasema yeye mwezi ule alimwapiza, aliposema hatakwenda tena Msambweni. Alimwambia, na usirudi kwangu ukiwa hivi. Alikuwa ameliweka neno lile kifuani akiamini ni laana iliyoshika. Na kutoka ndani, mdogo wangu, ambaye hakuwa amesema nami tangu watu wa Galu warudishe neno, akasema kwa hasira, "Nyote mnajipa lawama. Mimi ndiye niliyepewa pete yake ya fedha, akaniambia niitunze, nikafurahi. Nikaenda kuwaonyesha wenzangu."

Tulikuwa wanne ndani ya ua mmoja, na kila mmoja kwa miezi ile alikuwa amejua kwa hakika kuwa ni yeye. Tungeendelea kujua hivyo mpaka makaburini, kila mtu na lake, tukiambiana homa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefutiwa hatia yake siku ile, nisidanganye. Swali halikujibiwa. Ila lilikuwa sasa la watu wanne.

Mdogo wangu akatoka nje. Hakunitazama. Akavuta jamvi lililokuwa limeegeshwa ukutani, akalitandika karibu na kinu, akamwambia mjomba, "Shuka chini, utavunja kiuno." Kisha akasema, "Haya, mnihadithie. Tangu mwanzo. Na mama aanze, sitaki mtu amkatize."